Alice Achuka na Dola Zilizokwama Mtandao Mwingine

Kama una haraka, usiende kwa Alice Achuka. Vijana wa Wabera, mtaa wa mji wa Isiolo, huambiana hivyo, kisha kesho yake utawakuta wamepanga foleni dirishani kwake, kila mmoja ameshika simu mkononi kama mgonjwa aliyeshika kadi ya hospitali.

Duka lenyewe ni chumba kimoja cha mabati. Ndani kuna mashine ya fotokopi, ubao wa kuchajia simu, kabati la vocha, na kiti cha plastiki ambacho Alice hakikalii mara nyingi kwa sababu akikaa dirisha humzidi kimo. Nje, chini ya kipande cha turubai, ndipo Kathambi anapouzia miraa. Ana meza yake na stuli yake ya mbao, na kwa miaka minane amekuwa akitazama kila anayekuja na kila anayeondoka. Hakuna siri ya dirisha lile isiyopitia masikioni mwake kwanza. Si kwamba anapenda umbea. Ni mtu wa wasiwasi, na mtu wa wasiwasi hulala vizuri tu akishajua kila mtu yuko wapi.

Siku hizi kazi kubwa ya dirisha lile si M-Pesa. Ni dola za simu. Vijana wanaocheza kamari kwenye tovuti za ng'ambo hawawezi kuweka shilingi kule. Wanaweka USDT, dola isiyo na noti wala sarafu, inayokaa ndani ya simu na ambayo bei yake haipandi wala kushuka kama ya hizo sarafu nyingine za mtandaoni. Kijana humtumia Alice shilingi, naye huzituma dola kutoka kwenye akaunti yake ya soko la sarafu hadi kwenye pochi ya kijana kule kwenye kamari. Faida yake ni ndogo, lakini watu ni wengi.

"Mama Lodio, niwekee ishirini," Ekuam alimwambia Alice Jumamosi moja, akimwita kwa jina la mwanawe. Ekuam ni mwendesha boda, na siku hiyo hata hakuzima pikipiki. "Mechi inaanza saa kumi."

"Nipe anwani."

"Nimeshakutumia kwa WhatsApp."

"Nimeiona. Mtandao gani?"

"Si ni ile ya kawaida?"

"Hakuna mtandao unaitwa kawaida, Ekuam. Fungua ukurasa wako nione kwa macho yangu."

"Mathe, kwani ni pesa yako?"

"Ni yako mpaka nibonyeze. Nikishabonyeza si yako, si yangu. Zima pikipiki."

Watu wa foleni walicheka. Ekuam akazima pikipiki. Alice akaichukua simu, akaweka kidole chini ya maandishi, akasoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili: mtandao ni Tron, unaoandikwa pia TRC20, anwani inaanza na T, herufi nne za mwanzo ni hizi, nne za mwisho ni hizi, kiwango cha chini cha kuweka ni dola kumi. Akatazama simu yake mwenyewe, akachagua mtandao ule ule, akasoma tena. Ndipo akabonyeza.

"Wewe ungekuwa daktari, watu wangekufa kwa foleni," Ekuam alisema.

"Na wangezikwa na miguu yote miwili, hakuna aliyekatwa ule mzima kwa haraka," Alice akamjibu, akamwita anayefuata.

Kathambi alipenda kusikiliza maneno hayo. Yeye aliacha shule darasa la nne huko milimani kwao, na kila alipomwona Alice na kidole chake akifuata herufi, alihisi kama anamwona ndugu yake. Kwa maana Alice hakusoma sana. Aliishia darasa la saba, baba yake alipofariki. Mama yake alikuwa ameletwa Isiolo akiwa mtoto wa mgongoni, wakati Waturkana wengi walipohamia hapa, na hakuwa na kitu cha kumrithisha ila jiko na sufuria. Alice aliuza makaa. Akafua nguo za wageni kwenye hoteli moja mjini. Akaajiriwa kukaa kwenye kibanda cha M-Pesa cha mtu mwingine, miaka sita, bila hata shilingi kumi kupotea mkononi mwake, mpaka mwenye kibanda alipozeeka akamwachia kwa malipo ya kidogo kidogo.

Dola za simu alifundishwa na Mohamedamin, muuza simu na redio, aliyekuwa akilipia bidhaa zake za ng'ambo kwa njia hiyo. Mohamedamin hakumfundisha mambo mengi. Alimwambia kwamba USDT ni moja kwa jina, lakini inasafiri kwenye mitandao mingi, na mitandao hiyo haijuani. Ya Tron inakaa Tron. Ya Ethereum, wanayoiita ERC20, inakaa Ethereum. Ya BNB, wanayoiita BEP20, inakaa huko kwake. Unayemtumia akikwambia anapokea kwenye huu, utume kwenye huu. Basi.

Alice alikwenda nyumbani akayaandika. Halafu akafanya jambo ambalo Kathambi hulisimulia kila akipata msikilizaji: alichukua dola zake mwenyewe, akazituma hapa na pale kwa wiki nzima, kidogo kidogo, ili aone zinavyokwenda na zinavyokataa. Alipoteza mbili siku moja, kwa sababu tovuti ile ilikuwa haipokei chini ya tano na yeye alituma mbili. Hakulia. Alisema, "Hiyo ni karo."

Tangu hapo, mzigo mkubwa hautumi kwa mkupuo. Anatuma kwanza kiasi kidogo, lakini kisipungue kile kinachotakiwa na tovuti, anakiita "kuonja", na anangoja mpaka mwenyewe akione kwenye salio lake. Ndipo anatuma kilichobaki. Pesa ndogo kama ya Ekuam haionji, kwa kuwa ada ya kutuma mara mbili ingeila. Mambo haya yote Kathambi aliyajua akiwa kwenye stuli yake, bila kuwa na hata senti moja ya dola za simu.

Alichokuwa hajakijua ni kwamba mwanawe amekuwa nazo.

Kinoti ana miaka ishirini na saba. Analima vitunguu kule Rapsu, kwenye shamba la kukodi karibu na mfereji, na tatizo lake ni kwamba shamba liko juu kidogo na maji hayalifikii bila pampu. Kathambi alikuwa amemkabidhi shilingi elfu arobaini, akiba yake ya miraa ya miaka miwili, anunue pampu ya mtumba na mbegu kabla msimu haujapita. Alimpa Jumatatu. Alhamisi, saa nne asubuhi, Kinoti akatokea Wabera badala ya kuwa Rapsu. Hakumsalimu mama yake. Alipita meza ya miraa kama mtu asiyeiona, akasimama dirishani.

Kathambi alimtazama mgongo. Mama anaweza kusoma mgongo wa mtoto wake.

"Mama Lodio," Kinoti alisema kwa sauti ya chini, "kuna kitu nimetuma na hakijaingia."

"Umetuma nini?"

"Dola mia tatu na kumi."

Kathambi hakujua dola moja ni shilingi ngapi siku hiyo, lakini hakuhitaji kujua. Aliinuka. Majani ya mgomba aliyokuwa akifungia miraa yakaanguka mavumbini.

"Kinoti. Ni zile?"

Kinoti aliinamia simu yake.

"Nimekuuliza, ni zile za pampu?"

"Nilikuwa naziongeza, mama. Ilikuwa mechi tatu tu. Ningekuletea mara mbili."

Alice alifungua mlango wa duka, jambo asilolifanya kwa mteja, akawaingiza wote wawili, akafunga dirisha kwa kipande cha kadibodi kilichoandikwa "Narudi sasa hivi". Nje walianza kulalamika. Hakuwasikia.

"Mama Kinoti, keti. Utampiga baadaye, mimi nitakushikia mkoba. Sasa nataka kuona simu."

Kinoti akaeleza. Zamani alikuwa akinunua dola hapa hapa dirishani, kidogo kidogo, siku ambazo mama yake alikuwa amekwenda sokoni. Lakini alichoshwa na maswali na foleni, akafungua akaunti yake mwenyewe kwenye soko la sarafu. Jana alinunua dola zote, akafungua ukurasa wa kamari, akabonyeza "weka pesa", akanakili anwani.

"Ukurasa ulikuwa kwenye mtandao gani?"

"Sikuangalia. Nilinakili tu."

Alice akaufungua. Juu ya ukurasa kulikuwa na vitufe viwili, Ethereum na Tron, na cha Ethereum ndicho kilichokuwa kimebonyezwa tangu mwanzo. Anwani ilianza na sifuri na x.

"Halafu kule kwenye soko ukachagua nini?"

"Nilijaribu kwanza ya Tron, ikakataa. Ikasema anwani si sahihi."

"Ilikuwa inakuokoa. Anwani ya Tron inaanza na T, hiyo yako haina T. Halafu?"

"Nikaona ya Ethereum inakata ada kubwa. Na chini yake kuna BEP20, ada karibu bure. Nikaweka hiyo, ikakubali."

"Ikakubali," Alice akarudia, akashusha pumzi. "Na ile tahadhari nyekundu, ya kukuuliza kama unayemtumia anapokea kwa mtandao huo?"

"Niliweka tiki."

"Mtoto wangu, wewe umepanda gari kwa kuangalia nauli tu, hukuuliza linakwenda wapi."

Aliweka kidole chini ya maandishi, akatafuta namba ndefu ya muamala ule, akainakili, akaifungua kwenye ukurasa wa umma ambako kila mtu anaweza kuona yanayopita kwenye mtandao wa BNB. Akausoma mstari mmoja mmoja. Kathambi aliwaza kuhusu asubuhi zote alizoamka kungoja miraa ya kutoka milimani, kuhusu vumbi la miaka miwili, na kuhusu mtoto huyu aliyemnyonyesha, aliyekaa sakafuni sasa amefunika uso kwa kofia.

"Haijapotea njia," Alice akasema mwishoni. "Imefika."

"Imefika!" Kinoti akaruka.

"Keti. Imefika kwenye anwani ile ile, lakini kwenye mtandao mwingine. Mama Kinoti, sikiliza, nitakueleza wewe kwa sababu huyu hasikii. Chukua ploti namba kumi hapa Isiolo, na ploti namba kumi kule Meru. Namba ni moja, na tuseme mwenye ploti ni mmoja. Huyu ameshusha mzigo Meru. Mwenyewe anangoja Isiolo. Meru haendi, hana habari, ndiyo sababu salio ni sifuri. Lakini ufunguo wa geti la Meru ni yeye anao. Anwani za namna hii, za sifuri na x, za mitandao hii miwili, ufunguo wake ni mmoja."

"Sasa atafungua?" Kathambi aliuliza.

"Akitaka. Halazimiki."

Waliandika kwanza kwa soko la sarafu. Jibu lilikuja haraka na lilikuwa fupi: muamala umekamilika, na uliokamilika haurudishwi. Wakawaandikia watu wa kamari. Jibu lilikuja jioni: hatupokei mtandao huo, na masharti uliyoyakubali yanasema pesa zilizotumwa kwa mtandao tusiopokea huhesabiwa zimepotea. Asante kwa kucheza nasi.

"Asante kwa kucheza nasi," Kathambi akarudia, na huo ulikuwa wakati pekee siku ile aliokaribia kutupa kitu.

Kesho yake Kinoti alikuja amechangamka. Alikuwa ameuliza kwenye kundi moja la mtandaoni la wachezaji, na mtu akamfuata faraghani, mtaalamu wa kurudisha dola zilizopotea. Alikuwa na picha za watu waliorudishiwa, wanatabasamu. Alitaka dola hamsini tu za kuanzia.

Kathambi alikuwa tayari. Ukweli usemwe, alikuwa tayari. Ana mbuzi wawili kwa dada yake, na alishaanza kuwaza ni nani wa kumpigia simu. Mtu anayezama hachagui kamba.

"Msitume," Alice alisema bila kuinua macho kutoka kwenye fotokopi.

"Mama Lodio, kwako ni rahisi kusema," Kathambi akamjibu, na sauti yake ikatoka kali kuliko alivyokusudia. "Si akiba yako. Wewe dirisha lako linakula kwa hizi hizi kamari. Kila siku nakaa hapa nakuona unawatumia watoto wa wenzako. Leo ni wangu, unaniambia nisitume!"

Hata Ekuam aliyekuwa akitafuna miraa ya mkopo aliacha kutafuna.

Alice alizima mashine. Alikuja mpaka dirishani, akaegemea.

"Ni kweli," akasema. "Linakula. Nimelipa karo ya Lodio kwa pesa hizo, siwezi kukudanganya. Sikuwaambia wacheze na siwaambii waache. Ninachofanya ni kuhakikisha pesa ya mtu inafika alikosema. Hilo tu ndilo nalijua duniani, Mama Kinoti. Na kwa sababu nalijua, nakuuliza: geti la Meru, ufunguo nani anao?"

"Wenye kamari."

"Huyu wa kwenye kundi, ni mwenye kamari?"

"Hapana."

"Basi atafungua na nini? Na sina hakika atakomea kwenye hamsini. Kesho atataka ushuru, keshokutwa atataka yale maneno ya siri ya akaunti. Tukipata pesa hii, tutaipata kwa mwenye ufunguo. Asipotaka, hakuna mwingine."

Kathambi alirudi kwenye stuli yake. Hakumpigia dada yake simu. Mpaka leo anasema kwamba neno la Alice halikumtuliza, lilimwacha na hofu ile ile, ila lilimwonyesha mahali pa kuiweka.

Basi Alice akaanza kuandika. Kiingereza chake si kingi, na chote amekijenga mwenyewe kutoka kwenye karatasi za watu anazozitolea nakala. Kila siku wateja wakipungua, kati ya saa nane na saa tisa jua likiwa kali, alikaa kwenye kile kiti cha plastiki, Kinoti pembeni, wakaandika barua. Hakulaumu, hakuomba huruma, hakutaja mama wala vitunguu. Aliweka namba ya muamala. Kiasi. Saa. Mtandao uliotumika na mtandao uliotakiwa. Jina la akaunti ya Kinoti kule kwenye kamari, na picha ya ukurasa unaoonyesha anwani ile ni ya akaunti hiyo. Kisha swali moja: anwani hii ufunguo wake mnao ninyi? Kama mnao, mnatoza ngapi kuutumia?

Walijibiwa na mashine. Akaandika tena. Wakajibiwa na mtu aliyenakili masharti yale yale. Akaandika tena, swali lile lile, maneno yale yale. Kinoti alichoka barua ya tatu.

"Watatufungia akaunti, Mama Lodio."

"Ina nini ndani?"

"Sifuri."

"Basi wafunge sifuri. Andika tarehe."

Siku nyingine Kathambi alisikia kidole cha Alice kikigonga kioo cha simu polepole, herufi baada ya herufi, na akajiuliza mwanamke huyu anapata nini. Hakuwa ameahidiwa kitu. Foleni ilikuwa ikirefuka na wengine wakienda kwa kibanda cha ng'ambo ya barabara, ambako kuna kijana mwepesi anayetuma bila kuuliza. Alice aliwaona wakienda. Aliendelea kugonga.

Barua ya sita ikamfikia mtu mwenye subira, au mtu aliyechoka. Akajibu kwamba kampuni ina ufunguo, kwamba kitengo cha ufundi kitaangalia, kwamba inaweza kuchukua siku thelathini za kazi, na kwamba haahidi lolote.

Walingoja. Kule Rapsu majirani wa Kinoti walipanda. Yeye alikwenda akalima, akatengeneza vitalu vikavu, akarudi. Alikuwa hacheki na mtu. Kathambi hakumpiga wala hakumsamehe. Alimpakulia chakula na kumtazama mpaka amalize.

Siku ya ishirini na nne tangu Kinoti asimame dirishani na habari ile, saa tano asubuhi, simu ya Kinoti ililia akiwa amesimama kando ya meza ya mama yake. Alisoma. Akasoma tena. Akaita, "Mama Lodio!" kwa sauti iliyofanya mbwa wa jirani kubweka.

Alice akafungua mlango, na kadibodi ikarudi dirishani kwa mara ya pili.

Pesa ilikuwa imepatikana. Barua ilitoa njia mbili, achague moja. Ya kwanza: dola zote mia tatu na kumi ziingizwe kwenye salio lake la kamari, bila ada, lakini ni lazima azicheze zote walau mara moja kabla ya kuruhusiwa kuzitoa. Ya pili: zirudishwe nje, kwenye anwani atakayoitoa ya mtandao ule ule wa BEP20, zikatwe arobaini na tano za kazi.

Chumba kilikuwa na joto. Kinoti alilamba midomo.

"Arobaini na tano ni nyingi," alisema. "Ni karibu elfu sita. Nikichagua ya kwanza zinaingia zote. Kuzicheza mara moja si lazima kupoteza. Naweza kuweka kwenye mechi za uhakika, ndogo ndogo..."

Kathambi alimgeukia Alice. Alimtazama kwa macho ya mtu anayeomba. Mwambie, macho yalisema. Wewe anakusikia.

Alice alitikisa kichwa.

"Kuchagua mtandao najua. Hili la kuchagua hapa si langu, Mama Kinoti. Nikimchagulia leo, kesho atajichagulia akiwa peke yake."

Basi ikawa ni Kathambi. Alikuwa amejiandalia maneno mengi kwa siku ishirini na nne, makali mengine na ya machozi mengine, na yote yakamkimbia. Akauliza swali la kijinga, la mtu aliyeacha shule darasa la nne.

"Hizo mechi za uhakika, ndizo zile tatu za mara ile?"

Kinoti alishusha simu.

"Zile tatu ulizotaka kuweka pesa yangu. Zilichezwa, au hazikuchezwa?"

"Zilichezwa."

"Ungekuwa umeshinda?"

Nje mtu aligonga kadibodi na kuuliza kama kuna mtu amekufa.

"Moja iliharibu," Kinoti akasema. "Na nilitaka kuziunganisha, ikiharibika moja zimekwenda zote."

"Kwa hiyo kama ungetuma vizuri, kwa mtandao wa sawa..."

"Zingekwisha siku ile ile, mama." Alivua kofia, akaikunja. "Zote."

Hakuna aliyecheka, ingawa Kathambi alihisi kitu kama kicheko kikipanda na kushuka kifuani. Makosa ya mtoto wake yalikuwa yamezificha pesa mahali ambapo makosa yake mengine hayangeweza kuzifikia. Kinoti akabonyeza njia ya pili.

Sasa walitaka anwani. Akafungua akaunti yake ya soko la sarafu, sehemu ya kupokea USDT, na ukurasa ukamletea anwani papo hapo. Akainakili. Kidole kikasimama hewani. Alice alikuwa ameona, Kathambi alijua ameona, kwa sababu bega lake lilikakamaa. Lakini alimwacha aone mwenyewe.

"Hii inaanza na T," Kinoti akasema polepole. "Imenifungulia Tron. Wao wanatuma BEP20."

Akairudisha. Akatafuta orodha ya mitandao, akachagua BEP20, ikaja anwani nyingine, ya sifuri na x. Akaweka kidole chini yake. Akasoma kwa sauti herufi nne za mwanzo, akasoma nne za mwisho, akalinganisha na alichobandika kwenye barua, akasoma kiwango cha chini cha kupokea. Alichukua muda mrefu sana. Alice alikuwa ameegemea kabati la vocha, mikono amefumbata, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo alijitahidi kuificha kama mtu anayeficha pengo la jino.

Dola mia mbili sitini na tano ziliingia kabla ya saa saba. Kinoti aliziuza zote, shilingi zikaja kwenye simu yake, akazituma kwa mama yake mbele ya macho yao bila kuambiwa. Pampu ingepatikana. Mbegu zingekuwa pungufu na vitalu vingechelewa, na bei ya vitunguu hakuna aijuaye. Alasiri hiyo hiyo Kathambi alikwenda naye mwenyewe kwa fundi wa pampu, akailipia kwa mkono wake, akamwona Kinoti anaifunga kwenye gari la Kinna, linalopita njia ya Rapsu, na kuketi juu yake.

Aliporudi, foleni ya Alice ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Walikuwa wamesikia. Isiolo habari haikai ndani ya chumba cha mabati, na hata waliokuwa wamehamia kwa kijana wa ng'ambo ya barabara walikuwepo, wamefungua kurasa zao tayari, wanaulizana wao kwa wao nani yuko Tron na nani hayuko. Ekuam alikuwa akimsahihisha mwenzake kwa sauti ya mwalimu mkuu.

Kathambi alichagua kifungu kikubwa cha miraa, kile cha kwanza kabisa, akakipenyeza dirishani.

"Mimi sitafuni, Mama Kinoti, unajua."

"Basi chukua pesa."

"Ya nini? Sikukuuzia dola."

"Siku zote hizo uliandika!"

"Nilikuwa najifunza Kiingereza."

"Mama Lodio, usinifanyie hivyo. Siwezi kukaa hapa kila siku nikikuangalia na sijakupa kitu. Nitakupa nini?"

Alice alimrudishia mteja simu yake, akajinyoosha mgongo, akauma midomo kwa maumivu ya kiuno.

"Nipe hiyo stuli yako," akasema. "Ndiyo iliyo sawa na dirisha. Nimesimama tangu saa mbili."

Kathambi akaiinua, akapangusa vumbi kwa kanga yake, akaipitisha mlangoni. Kisha akageuza kreti tupu la soda, akalikalia kando ya meza yake. Lilikuwa fupi, na magoti yalimfika karibu na kidevu. Kutoka pale alimsikia Alice akikaa, stuli ikilia kidogo chini yake, na sauti yake ikimwita anayefuata.